Plaketi ya feni na kiyoyozi: namna ya kuisoma na kujua itakula umeme kiasi gani

Lubumbashi haina joto mwaka mzima. Mwezi wa sita na wa saba watu hujifunika blanketi mbili. Lakini kuanzia mwisho wa Agosti hadi mvua zikae vizuri mwezi wa kumi na moja, chumba chenye paa la bati hugeuka tanuri tangu saa tano asubuhi. Ndipo watu wanapokimbilia depo za vitu vya okazyoni, na wauzaji nao wanajua hivyo. Kila kiyoyozi utakachoonyeshwa utaambiwa kinakula kidogo.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: mama mwenye farmasi ndogo katika komini ya Kampemba. Chumba chake ni mita nne kwa nne, dari ya mbao, bati juu, na ukuta mmoja unapigwa na jua la alasiri. Vifurushi vyake vingi vya dawa vimeandikwa visikae kwenye joto linalozidi nyuzi 30, vingine nyuzi 25. Ameonyeshwa vitu vitatu: kiyoyozi cha zamani kwa bei ya chini, kiyoyozi cha inveta kwa bei ya juu, na feni ya dari ambayo muuzaji anamwambia, "Mama, chukua hii tu, klima ni ya matajiri."

Tuanze na hilo la mwisho kwa sababu ni jepesi. Feni haipozi hewa. Inasukuma hewa juu ya ngozi yenye jasho, jasho linakauka, mtu anasikia nafuu. Kopo la vidonge halitoki jasho. Ukiweka kipimajoto kwenye rafu na feni ikazunguka mchana kutwa, kitabaki palepale, au kitapanda kidogo, maana wati zote za mota ya feni huishia kuwa joto mlemle chumbani. Kwa muuzaji aliyekaa kaunta feni inafaa sana. Kwa dawa haisaidii kitu.

Hatua ya kwanza: tafuta plaketi, na ujue ni ya sanduku gani

Kiyoyozi cha ukutani kina masanduku mawili: jeupe refu la ndani, na la bati la nje lenye feni na kompresa. Plaketi ziko mbili pia. Ya ndani hukaa ubavuni au chini ya sanduku, ya nje hukaa ubavuni karibu na mahali mabomba ya shaba yanapoingia. Soma zote mbili, na kwanza kabisa linganisha namba za modeli. Kwenye okazyoni ni kawaida kukuta sanduku la ndani la mashine moja limeunganishwa na la nje la mashine nyingine. Zikiwa hazitokani na familia moja, hesabu zote zinazofuata hazina maana.

Plaketi ya ndani inaweza kukudanganya bila muuzaji kusema uongo. Viwanda vingine huandika pale takwimu za mashine nzima, vingine huandika umeme wa kile kifeni cha ndani peke yake, wati 40 au 50. Nimemsikia kijana wa depo akimwonyesha mteja plaketi ya aina hiyo: "Yaya, angalia mwenyewe, wati 45, kama taa." Kompresa ndiyo inayokula umeme, na kompresa iko nje. Kwa hiyo plaketi ya kuamini kwa gharama ni ya sanduku la nje.

Namba ya modeli yenyewe mara nyingi inataja ukubwa. Ukiona 09, 12, 18 au 24 katikati yake, hizo ni maelfu ya BTU, kipimo cha nguvu ya baridi: 9,000, 12,000, na kuendelea. Ukiona 25, 35, 50 au 70, hiyo ni nguvu ya baridi katika mamia ya wati: 35 ni wati 3,500, ambayo ni sawasawa na ile 12,000 ya wengine. Kwa chumba cha yule mama, chenye mita za mraba 16 na bati juu, 12,000 inatosha. 9,000 itahangaika alasiri, 18,000 ni kununua mashine ya chumba kingine.

Na kama plaketi ya nje imefutika kwa jua? Angalia unene wa mabomba. Bomba nene la inchi tatu ya nane, kama milimita tisa na nusu, huwa la mashine ya 9,000 au 12,000. La nusu inchi huwa la 12,000 au 18,000. La inchi tano ya nane ni mashine kubwa ya 24,000. Fundi anaweza pia kufungua bati la ubavuni, umeme ukiwa umekatwa kabisa, akasoma kibandiko cha kompresa yenyewe. Kile hakipigwi na jua, na watu wa kubadilisha plaketi mara nyingi hawakikumbuki.

Hatua ya pili: volti na hezi, kabla ya kingine chochote

Umeme wetu ni volti 220, hezi 50. Tafuta kwenye plaketi maandishi kama `220-240V ~ 50Hz`. Ukiona `115V 60Hz`, hiyo ni mashine ya Marekani. Watu wengi wanajua kuikwepa, au wanajidanganya kwamba transfoma itatosha. Transfoma hushusha volti tu, haigusi hezi.

Inayowanasa wengi ni `220V 60Hz` peke yake, bila 50. Volti ziko sawa, plagi inaingia, mashine inawaka na inatoa baridi. Kuna nchi zinazotumia umeme wa hivyo, Saudia na Korea Kusini kwa mfano, na mashine zake huzunguka kwenye biashara ya vitu vilivyotumika. Kompresa ya kawaida ya hezi 60 ikiwekwa kwenye 50 inazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita, inatoa baridi pungufu, na koili zake zinavuta mkondo mwingi kuliko zilivyotengenezwa kuvumilia. Inapata joto. Haitakufa siku ya kwanza, itakufa baada ya muuzaji kukusahau. Ikiandikwa `50/60Hz` haina shida.

Hatua ya tatu: tenga wati za baridi na wati za umeme

Hapa ndipo plaketi inapochanganya watu, kwa sababu vitu viwili tofauti vimeandikwa kwa wati. Hii ni mfano wa plaketi ya nje ya kile kiyoyozi cha zamani, isipokuwa jina la kiwanda:

```
COOLING CAPACITY   12000 BTU/h / 3517 W
RATED INPUT        1290 W
RATED CURRENT      5.8 A
MAX. INPUT         1750 W
MAX. CURRENT       8.6 A
220-240V ~ 50Hz
R22                0.72 kg
```

Mstari wa kwanza ni joto ambalo mashine inaweza kulitoa chumbani. Huo haulipiwi. Mstari wa pili, 1290 W, ndio umeme unaoingia mashine ikifanya kazi ya kawaida, na ndio unaolipia. Kwenye mashine zilizotoka Ulaya kwa Kifaransa tafuta `PUISSANCE ABSORBEE` kwa umeme, na `PUISSANCE FRIGORIFIQUE` kwa baridi. Kama mashine inaweza pia kupasha joto, kutakuwa na safu nyingine ya `HEATING` au `CHAUFFAGE`. Iache, haitakuhusu isipokuwa unapenda kupasha chumba mwezi wa saba.

Kisha kuna ule mstari wa MAX. Huo umewekwa kwa ajili ya fundi wa nyaya, achague waya na fyuzi zitakazovumilia hali mbaya kabisa. Si kipimo cha gharama. Mama yetu alipigiwa hesabu na jirani kwa kutumia 1750 na akashtuka hadi akataka kuacha. Akipigiwa na yule kijana wa wati 45, angeona ni bure. Ukweli uko kwenye mstari wa pili.

Namba ya 1290 imepimwa maabara, nje kukiwa na nyuzi 35 na ndani nyuzi 27. Alasiri ya Oktoba hapa kwetu haiko mbali sana na hapo, mara nyingi iko chini yake kidogo, kwa hiyo plaketi inatufaa bila marekebisho makubwa. Mashine zilizotengenezwa kwa nchi za Ghuba zinaweza kuwa na alama `T3`, maana yake zimepimwa pia nje kukiwa na nyuzi 46. Hizo huwa na safu mbili za namba. Soma ile ya `T1`, ndiyo ya nyuzi 35.

Sasa gawanya baridi kwa umeme: 3517 kwa 1290 inatoa 2.7. Yaani kila wati moja ya umeme inatoa nje wati 2.7 za joto. Mashine za miaka hii hufika 3.2 na zaidi. Chini ya 2.6 mimi singeinunua hata kwa bei ya chakula.

Hesabu hiyohiyo inasaidia kugundua plaketi ya kughushi. BTU ukigawa kwa 3.412 upate wati za baridi: 12,000 kwa 3.412 ni 3,517, inalingana. Ampea ukizidisha kwa volti upate karibu na wati za umeme: 5.8 mara 230 ni 1,334, na iliyoandikwa ni 1,290, tofauti ndogo ambayo ni ya kawaida. Ukikuta plaketi inayosema wati 900 na ampea 6.5, au kibandiko kipya king'aacho juu ya bati lililopakwa rangi upya, jua kwamba kuna mtu aliandika alichotaka.

Kuhusu R22: hiyo ni gesi ya zamani, inayoondolewa taratibu duniani kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Mashine mpya zinatumia R410A au R32. R22 haiongezi bili yako moja kwa moja, lakini inakuambia umri wa mashine, na inakuambia pia kwamba ikivuja, kuitafuta gesi hiyo kutazidi kuwa kazi. Fundi akikuambia ataweka gesi nyingine yoyote humohumo, mkatalie. R410A inafanya kazi kwa presha kubwa zaidi kwa mbali kuliko ile ambayo mabomba ya R22 yalitengenezewa.

Hatua ya nne: inveta ya kweli au ya kibandiko

Kiyoyozi cha kawaida kina mwendo mmoja. Kompresa ama inafanya kazi yote, ama imezimika. Cha inveta kinapunguza mwendo chumba kikishapoa, na kinaendelea polepole. Neno INVERTER likiwa limebandikwa kwa herufi kubwa mbele ya sanduku la ndani halithibitishi kitu, mtu yeyote anaweza kuchapisha kibandiko. Thibitisho liko kwenye plaketi ya nje, ambapo inveta ya kweli huandika namba pamoja na upana wake:

```
CAPACITY   3500 W / 900-3900 W
INPUT      1080 W / 220-1400 W
220-240V ~ 50Hz
R32        0.60 kg
```

Ule upana, kutoka 220 hadi 1400, ndio inveta yenyewe. Fundi akifungua sanduku la nje la mashine hii atakuta ubao mkubwa wa elektroniki wenye mapezi ya alumini. Kwenye ile ya mwendo mmoja atakuta kapasita moja nene kama kopo la nyanya na nyaya chache, basi.

Hatua ya tano: bei ya kilowati-saa yako mwenyewe, kisha hesabu

Usiulize jirani bei ya umeme. Biashara na nyumba hazilipi sawa, na kodi inaingia katikati. Chukua risiti ya mwisho ya mita yako ya kulipia kabla, gawanya pesa zote ulizotoa kwa kilowati-saa ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako, pamoja na kila kilichokatwa. Kama safari hiyo ulikatwa deni la zamani, tumia risiti nyingine. Hapa nitatumia faranga 200 kwa kilowati-saa kama namba ya mfano tu. Weka ya kwako mahali pake.

Mama anawasha saa tano asubuhi na kuzima saa kumi na mbili jioni, saa saba kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni saa 182.

Kiyoyozi cha zamani: wati 1,290 mara saa 182 ni kilowati-saa 235, kama kompresa isingepumzika hata kidogo. Lakini inapumzika. Chumba chenye bati, mlango unaofunguliwa na wateja, mashine ikiwekwa nyuzi 25, mchana wa Oktoba kompresa inaweza kufanya kazi robo tatu ya muda. Robo tatu ya 235 ni kilowati-saa 176, faranga 35,200 kwa mwezi. Kwa ile namba ya MAX jirani alipata 63,700.

Robo tatu hiyo ndiyo namba laini kuliko zote katika hesabu, na unaweza kuipima mwenyewe. Simama nje karibu na mashine saa nane mchana, sikiliza kompresa inaposhika na inapoachia, hesabu dakika za kazi ndani ya saa moja. Ikifanya kazi dakika 60 zote, mashine ni ndogo kwa chumba, au chumba kinavujisha hewa, au kuna mtu ameweka nyuzi 16. Hilo la nyuzi 16 linawagharimu watu bure: mashine ya mwendo mmoja haitoi baridi kali zaidi ukiiweka 16, inatoa ileile, ila haipati nafasi ya kuzimika.

Inveta: joto la kutoa ni lilelile, chumba hakijui mashine gani inakipoza. Robo tatu ya 3,517 kwa saa 182 ni kama kilowati-saa 480 za joto. Plaketi ya inveta ukigawa 3,500 kwa 1,080 inatoa 3.2, lakini hiyo ni ikiwa kwenye mzigo kamili. Ikienda polepole inafanya vizuri zaidi, na kuweka 3.8 kwa wastani si kuipendelea. 480 kwa 3.8 ni kilowati-saa 126, faranga 25,200.

Tofauti ni faranga 10,000 kwa mwezi, kwa miezi minne hivi ya joto. Wauzaji wa inveta hawapendi hesabu hii, kwa sababu kama mashine yao inazidi ile ya zamani kwa dola 200, umeme wa gridi peke yake hautarudisha pesa hizo kwa miaka mingi. Ukiwa na chumba cha kulala kinachohitaji baridi saa mbili kwa siku mwezi wa kumi tu, hairudi kabisa. Kwa mama kuna jambo lingine, nitalifikia.

Hatua ya sita: ipime kabla ya kulipa

Plaketi inasema mashine ilivyokuwa ilipotoka kiwandani. Ya okazyoni imeishi maisha yake. Mwombe muuzaji aiwashe, au weka sharti la kulipa nusu hadi uijaribu kwako, kisha tumia mita yako. Mita nyingi za elektroniki zina kitaa chekundu kinachomweka, na pembeni pameandikwa kitu kama `1000 imp/kWh`. Zima kila kitu kingine, jokofu pia. Washa kiyoyozi, subiri dakika 15 kompresa itulie, kisha pima sekunde kati ya mmweko mmoja na mwingine. Ni rahisi zaidi kupima mimweko kumi na kugawa kwa kumi.

```
W = 3600000 / (imp × sekunde)
```

Ile ya zamani ya mama ilitoa mimweko kumi kwa sekunde 26, yaani 2.6 kwa mmweko. 3,600,000 gawanya kwa 2,600 ni wati 1,385. Plaketi inasema 1,290. Kuzidi kidogo hivyo kwa kawaida ni uchafu kwenye mapezi ya sanduku la nje. Vumbi jekundu la kwetu linakaa pale kama blanketi, joto halitoki, kompresa inasukuma kwa nguvu zaidi. Safisha kwa maji ya presha ndogo kutoka ndani kwenda nje, upime tena. Ya mama ilishuka hadi karibu 1,300.

Namba ikiwa chini sana ya plaketi usifurahi. Mashine ya 1,290 inayovuta 800 na kutoa hewa vuguvugu imepungukiwa gesi, au kompresa yake imechoka. Shika kipimajoto mahali hewa inapoingia juu ya sanduku la ndani, kisha mahali inapotokea chini. Mashine nzima, ikishatulia, huonyesha tofauti ya nyuzi 8 hadi 12. Chini ya 6 kuna ugonjwa, na gharama halisi ni mbaya kuliko plaketi, kwa sababu kompresa haitafikia nyuzi ulizoweka na haitazimika mchana kutwa.

Pima pia volti wakati ule ule mtaa mzima umewasha. Kuna sehemu ambapo jioni 220 inashuka hadi 180. Kompresa ya mwendo mmoja kwenye volti hizo inavuta ampea nyingi zaidi, inapata joto, au inanguruma bila kuanza. Ukisikia mngurumo wa sekunde chache kisha "tak" na kimya, tena na tena, zima. Hapo kinachochelewesha kifo chake ni kile kikinga-joto kidogo cha kompresa tu.

Feni

Feni ya dari ni kazi ya dakika tano. Plaketi iko juu ya mota, upande wa dari, kwa hiyo ikishafungwa huioni. Isome ikiwa bado chini. Utakuta upana wa mapanga, 1200 mm au 1400 mm, na wati. Zile za kawaida za mapanga matatu ya bati ni wati 70 hadi 80 kwenye mwendo wa juu. Ikikosa plaketi, pima kutoka katikati ya mota hadi ncha ya panga, zidisha kwa mbili, na ukadirie 75. Mita itakuthibitishia: kwenye mita ya 1000, feni ya wati 75 inamwekesha kitaa mara moja kila sekunde 48.

Kuna aina ya pili, ya mota yenye sumaku ndani, isiyo na brashi. Wati 28 hadi 35 kwa upepo uleule. Mota yake ni nyembamba na nyepesi, inakuja na rimoti, na ukizungusha mapanga kwa mkono bila umeme mara nyingi unasikia vikwazo vidogovidogo mkononi badala ya kuteleza tu. Kwa saa kumi, siku 26, ya wati 75 inakula kilowati-saa 19.5, faranga 3,900. Ya wati 30 inakula 7.8, faranga 1,560. Kwa umeme wa gridi tofauti hiyo ni soda chache. Kwa mwenye betri na paneli ya jua ni tofauti kati ya feni kuzunguka hadi asubuhi na feni kuzima saa saba usiku.

Regeleta ya zamani, lile sanduku kubwa la ukutani linalopata joto ukiligusa, inapunguza mwendo kwa kuchoma umeme ndani yake. Ukiweka namba moja unaokoa kidogo kuliko unavyodhani. Ile ndogo ya kapasita haipati joto, na nayo kupunguza mwendo kunapunguza matumizi kweli.

Siku za delestaji

Sasa lile jambo la mama. Farmasi yake ina jenereta ya petroli ya kVA 2.5, kwa sababu jokofu la chanjo na insulini haliwezi kungoja. Jenereta ya ukubwa huo inatoa karibu ampea 11. Kiyoyozi cha zamani kinatumia 5.8 kikishakuwa kwenye mwendo, lakini wakati wa kuanza kompresa ya mwendo mmoja inavuta mara nne hadi sita ya hiyo, yaani ampea 23 hadi 35 kwa muda mfupi. Jenereta inazimika, au volti zinaporomoka na jokofu linaumia pamoja. Inveta inaanza taratibu kutoka chini na kupanda, na plaketi yake inaahidi kutozidi wati 1,400. Hiyo jenereta inaibeba, ikiwa jokofu ni dogo na hakuna anayechemsha maji.

Na petroli nayo: lita moja kwenye jenereta ndogo iliyobeba mzigo wa kutosha inatoa takriban kilowati-saa 2. Theluthi moja ya saa zake ikiwa bila umeme, inveta itataka kilowati-saa 42 za jenereta kwa mwezi, kama lita 21. Ile ya zamani ingetaka lita 29 pamoja na jenereta kubwa mara mbili.

Kwa hiyo alichukua inveta, akaacha feni ya wati 30 juu ya kaunta kwa ajili ya asubuhi kabla ya saa tano, na akaweka mashine nyuzi 25 badala ya 20. Fundi alitaka kufunga sanduku la nje kwenye ukuta wa magharibi kwa sababu bomba lingekuwa fupi. Walibishana, likaenda upande wa kivuli na mita mbili za ziada za bomba. Plaketi ya nje ilipigwa picha kabla ya kupandishwa, nayo imebandikwa ndani ya mlango wa kabati pamoja na risiti za mita.